Nukuu Iliyokatwa Mara Tatu

Nilikuwa na jeuri moja tu katika kazi yangu ya uandishi: neno la mtu likishaingia ndani ya alama za kunukuu, silibadilishi. Wenzangu wa pale Masasi waliokuwa wakituma habari Dar es Salaam walikuwa wakiwapamba mashahidi wao. Bibi wa kijijini ukimsoma kwenye makala zao anaongea kama diwani anayeomba kura. Mimi hapana. Kama mtu alisema "gari lilikuja vuu", basi gazetini lilikuja vuu. Nilijiona mwaminifu kuliko wote, na ukweli ni kwamba nilijivunia jambo hilo kuliko lilivyostahili.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mkomaindo, na uandishi nilikuwa nao wa mkono wa kushoto. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Korosho, ambazo tangu zamani zilikuwa zikinunuliwa na mnunuzi mmoja, sasa zilikuwa na wanunuzi kila kona, kila mmoja na mzani wake na lori lake. Magazeti nayo yalichipuka kama uyoga baada ya mvua. Gazeti langu lilikuwa la kila wiki, la watu binafsi, na halikuwa na mwandishi mwingine katika wilaya zetu mbili za Masasi na Newala. Nilikuwa naandika kwenye fulskepu kwa kalamu ya wino, natuma kwa basi, kisha naenda posta kupiga simu kuuliza kama bahasha imefika.

Msimu mmoja lori la korosho la mnunuzi mmoja binafsi lilipinduka kwenye mteremko, katika barabara ya kutoka Newala. Juu ya magunia walikuwa wamepanda watu, kama ilivyokuwa kawaida, maana mabasi yalikuwa ya kuhesabu. Wengi waliruka na kuchubuka. Mzee mmoja hakuwahi kuruka, akafa palepale. Dereva alitoka na jeraha la kichwani, akashikwa na polisi, akaachiwa kwa dhamana wakati mkaguzi wa magari akisubiriwa kutoka Mtwara. Huku nyuma tajiri wake alikwisha kuwaambia watu kwamba dereva alikuwa amelewa.

Dereva alikuwa mtu wa Lukuledi, baba wa watoto wanne. Nilimkuta nyumbani kwake, kichwa kimefungwa bendeji, akaniambia hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Nilimwandika, lakini ninyi mnajua, mtuhumiwa akisema hana kosa, nani anamsikiliza? Alihitaji mtu mwingine aseme. Kama asingepatikana wa kusema, hakuna tajiri ambaye angemkabidhi tena usukani, na ndugu za marehemu wangemhesabu muuaji maisha yake yote.

Mtu huyo nilimpata Kitangari. Alikuwa mama wa makamo anayekaribia uzee, ambaye siku ya ajali, kabla lori halijapinduka, alikuwa akirudi kutoka kisima cha bondeni na ndoo kichwani. Kila mtu pale alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, nami nikamwita hivyohivyo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akanitazama nikitoa daftari. Aliongea taratibu, Kiswahili chake kikipita juu ya Kimakonde, na kila sentensi alinipa nafasi ya kuimaliza kuiandika kabla ya kuanza nyingine. Sijawahi kupata shahidi mwenye adabu ya namna ile kwa kalamu ya mtu. Alichosema ninacho mpaka leo, neno kwa neno:

"Nilimwona anashuka kwenye lori, anayumba, chupa mkononi. Nikasema moyoni, huyu kalewa. Akaja akaniomba maji ya rejeta. Nilipomkaribia sikusikia harufu ya pombe, nilisikia jasho na dizeli. Nikamjazia chupa yake. Maji ya kupandisha kutoka bondeni mimi simpi mlevi."

Nikamsomea. Akasema ndivyo. Alinieleza pia kwamba dereva alimwambia miguu imekufa ganzi kwa kukaa tangu alfajiri, na hilo nililiandika pembeni. Kwa mtu wa Dar es Salaam sentensi ile ya mwisho ni ya maji tu. Kwa mtu wa uwanda wa Makonde ni kiapo. Ndoo ile imeshuka tupu bondeni na kupanda imejaa, kwa shingo ya mwanamke, na hakuna anayeigawa ovyo. Aliyegawiwa maji yale njiani amekwisha kupimwa na kuonekana mtu.

Makala yangu ilikuwa kurasa kumi na mbili. Niliona fahari kuifunga kwenye bahasha. Siku ya tatu nilikwenda posta, nikapanga foleni, nikaunganishwa, na mhariri akanipongeza kwanza, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Mhariri huyu alikuwa mtu mzima, mpole, aliyenifundisha kazi yote kwa njia ya simu bila kuniona uso. Akasema makala ni nzuri ila nafasi ni nusu yake. Nikate mwenyewe, maana mimi ndiye niliyewasikia watu, halafu nimwambie sentensi za kufuta.

Nikakata. Maelezo ya barabara yalikwenda, historia ya wanunuzi ilikwenda, na dereva mwenyewe nikambakizia mstari mmoja. Nilipofika kwa mama wa Kitangari nikasita. Nikaona habari ya kuomba maji na kupewa maji ni ndefu, na msomaji wa mjini ana bomba uani, ataelewa nini? Nikaziondoa sentensi tatu za maji. Zikabaki tatu.

Hapo nikakumbuka somo. Mhariri alinifundisha kwamba ukitoa sentensi katikati ya maneno ya mtu, usiziunge zilizobaki kama vile alizisema kwa pumzi moja. Funga nukuu, weka "alisema", kisha fungua nukuu mpya. Na kila nukuu mpya ipewe aya yake, macho ya msomaji yapumzike. Nikafanya hivyo kwa uaminifu wote. Aya ya kwanza ikawa na kuyumba, na chupa, na huyu kalewa. Aya ya pili ikaanza na "Aliongeza", ikafuatiwa na kukaribia na kutosikia harufu ya pombe. Nilitoka posta nikijiona fundi.

Kesho yake mhariri aliacha ujumbe posta nimpigie. Limeingia tangazo, akasema, la robo ukurasa, la bia. Wakati ule kila wiki kulikuwa na bia mpya. Nikakata tena: mashahidi wawili wengine wakaondoka kabisa, mmoja wao aliyesema lori lilikuwa likitoa moshi kwenye magurudumu. Nukuu ya mama sikuigusa. Nilimwambia mhariri maneno ya yule mama yasibadilishwe hata herufi, naye akaniahidi. Ahadi hiyo aliitimiza, na hapo ndipo palipo na uchungu wa habari yenyewe.

Mkato wa tatu sikuwepo. Siku ya kupanga kurasa, mpangaji aliona makala imezidi kwa mistari kadhaa. Wakati kama huo hakuna wa kusoma upya. Unatafuta aya fupi inayojitegemea, unaiinua, kurasa zinakaa sawa. Aya yangu ya "Aliongeza" ilikuwa fupi na ilijitegemea. Mimi ndiye niliyeikata vizuri ikawa kipande safi cha kuinuliwa. Kama ningeziacha sentensi zile ndani ya alama moja za kunukuu, mpangaji angelazimika kusoma kabla ya kukata.

Gazeti lilifika Masasi kwa basi, limechelewa siku mbili. Nilifungua ukurasa nikiwa nimesimama mbele ya muuzaji. "Nilimwona anashuka kwenye lori, anayumba, chupa mkononi. Nikasema moyoni, huyu kalewa," alisema mama mmoja mkazi wa Kitangari aliyekuwa akitoka kuchota maji. Baada ya hapo, jina langu. Nilisoma mara tatu nikitafuta neno ambalo hakulisema, ili nimpate wa kumlaumu. Sikuliona. Kila neno lilikuwa lake, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Nikaketi kwenye ngazi ya duka la watu.

Siku chache baadaye, mchana, mama huyo aliingia uani kwetu. Alikuwa amepanda lori la mihogo, khanga zake zina vumbi jekundu mpaka mabegani. Mke wangu alimpa maji ya kunawa na kumkaribisha ugali, akanawa, akala matonge mawili, akasema ahsante. Kisha akaniambia kilichomtoa kwake. Yeye kusoma hajui. Habari za gazeti alizipata kwa kaka wa marehemu, aliyekuja mlangoni kwake na jogoo mkononi kumshukuru kwa kusema ukweli juu ya mlevi aliyemuua ndugu yao. Alimrudisha na jogoo wake. Akamtuma mjukuu akamwite mwalimu wa kijiji aje amsomee gazeti, akasomewa, akasema lisomwe tena.

Hakupandisha sauti. Akaniuliza kama daftari lile bado ninalo. Nikaenda kulileta. Akaniambia nisome, nikasoma sentensi zote sita, mke wangu akisikiliza kutoka jikoni.

"Kwa hiyo uliyasikia," akasema.

"Niliyasikia, mama."

"Na ukayaandika."

"Niliyaandika."

"Basi haya mengine yamekwenda wapi?"

Nilijaribu kumweleza. Nafasi, tangazo, aya, mpangaji. Nilijisikia nikiongea kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake kumvusha mto, akarudi na kofia. Aliniacha nimalize. Akasema yeye hajui mambo ya nafasi, lakini kule kwao mtu akitumwa salamu za msiba hawezi kufikisha nusu kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Akishindwa kuzibeba zote, na aseme ameshindwa, watu watatafuta mjumbe mwingine. Halafu akaniambia kwamba mke wa dereva amepita kwake, hakusema neno, alisimama tu barabarani akamtazama, akaendelea na safari. Hilo ndilo lililomuuma. Macho yalimjaa, akayafuta kwa ncha ya khanga, akaomba kuonyeshwa stendi.

Nilikwenda posta jioni ileile, nikakuta imefungwa, nikarudi asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, siku ya gulio. Laini ilikuwa na mikwaruzo, ikabidi nipige kelele. Mhariri alisikiliza, kisha akasema maneno ambayo sikuyategemea kwa mtu wa Dar es Salaam: kwamba kosa ni letu sote watatu, na yeye ndiye mkubwa wetu. Akaahidi sahihisho. Lakini nafasi ya sahihisho ni mistari sita.

Akashauri tuliseme kwa maneno yetu: kwamba shahidi alifafanua kuwa dereva hakunuka pombe. Lingekuwa fupi na salama. Kikazi alikuwa sahihi kabisa, maana nukuu isiyoweza kubaki nzima ni heri ivunjwe na isimuliwe. Nikakataa. Tulimnukuu akimshtaki mtu, nikasema, hatuwezi kumsimulia akimtetea. Msomaji ataamini lenye alama za kunukuu. Tukabishana kwa dakika zangu za simu. Mwisho akauliza, sentensi ipi moja unaitaka, kama ingekuwa moja tu? Nikamsomea kwanza zote ajue anachokata, kwa mtindo tuliozoea wa imla.

"Fungua semi," nikapaza sauti, na nyuma yangu foleni ikanyamaza. Nikasoma sentensi baada ya sentensi, nukta baada ya nukta, kuyumba, chupa, kalewa, rejeta, jasho na dizeli, mpaka maji ya kupandisha kutoka bondeni mimi simpi mlevi. "Funga semi."

Nilipogeuka, watu wote wa posta walikuwa wananitazama. Mama mmoja mwenye kikapu cha dagaa, kwa lafudhi mtu wa Newala, akamwambia jirani yake kwamba hilo ni kweli, nani ampe mlevi maji yake? Mwingine akasema kumbe gazeti halikumaliza. Nilikuwa sijafika nyumbani habari ikanipita njiani kwa baiskeli. Jumamosi ile soko zima la Masasi lilijua maneno ya mama wa Kitangari, sentensi zote sita, bila mhariri na bila tangazo. Sahihisho lilitoka wiki iliyofuata chini ya ukurasa wa nne. Lilikuwa na sentensi mbili zake, ya harufu na ya maji, na ili zienee mhariri alifuta sentensi yangu ya kuomba radhi. Sikumlaumu. Radhi niliiomba kwa mguu, Kitangari, Lukuledi, na kwa kaka wa marehemu, ambaye alinisikiliza akiwa amesimama na hakunikaribisha ndani.

Mkaguzi wa magari naye alikuja hatimaye, akakuta bomba la breki limepasuka. Polisi wakamfutia dereva shtaka. Tajiri hakumrudisha, alikwisha kumpa mtu mwingine lori jingine. Dereva akaamua kutafuta kazi Mtwara, na akaona barua kutoka kwangu ingemsaidia, maana gazeti la kwanza lilikuwa limetangulia kufika huko. Karatasi hiyo ndiyo iliyompatia usukani kabla msimu haujaisha, lakini kuipata tulibishana.

Alikuja Mkomaindo na bahasha mpya. Nilinakili maneno ya mama kutoka kwenye daftari, yote, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikaweka tarehe na sahihi. Akasoma polepole. Kisha akaweka kidole kwenye sentensi mbili za mwanzo.

"Mwalimu, hizi zitoe. Matajiri hawasomi marefu. Akikuta hapo 'kalewa' ataishia hapo hapo."

Aliongea kwa upole, na alikuwa na haki kuliko mtu yeyote aliyewahi kuniomba nikate. Kalamu niliishika. Nilifikiria mtoto wake mdogo niliyemwona Lukuledi. Nilijua pia kwamba mtu anayesema "hakunuka pombe" bila kueleza kwa nini alimnusa, ushahidi wake unabaki unaning'inia. Nikamwambia maneno si yangu wala si yake, twende kwa mwenyewe. Hakupenda, lakini tukapanda gari la kwanza tulilopata.

Mama tulimkuta anaanua mihogo mikavu. Dereva akamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, wakatazamana. Walikuwa hawajaonana tangu siku ya rejeta. Nikamsomea barua, kisha nikamweleza dereva anataka nini. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi mwenyewe sijui lililo jema, na akisema nikate nitakata.

Aliendelea kupanga mihogo kwenye ungo.

"Acha yote," akasema. "Nilimdhania mtu mabaya kabla sijamsogelea. Ukilitoa hilo, utakuwa umenisafisha mimi, si yeye."

Dereva aliinamisha kichwa. Kovu lake lilikuwa bado bichi, lina rangi ya waridi. Nilidhani amekasirika, na nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kuwapatanisha.

"Ulisema hivyo kweli?" akauliza. "Kalewa? Mimi nilijua ni gazeti limekuwekea maneno."

"Nilisema. Moyoni, lakini nilisema."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumwa mbavu, akasema siku ile miguu ilikuwa imekufa mpaka kiunoni, na ile chupa aliiokota njiani, ilikuwa bado na karatasi ya konyagi. Yeye mwenyewe angejiona kwa mbali, asingejisogelea. Kisha akanigeukia na kunirudishia barua, ili mama aweke dole gumba chini yake.

"Iache hivyo, mwalimu," akasema. "Ni mtu mmoja tu siku ile aliyenisogelea."